Neno moja, njiwa na choo

"Naandika hadithi fupi kwa Kiarabu: msafiri anapiga picha kibao, simu inatafsiri ovyo, anapotea njia. Nitumie neno gani ili msomaji Mwarabu asione nimelazimisha?"

Tumia hammam, ndugu yangu. Herufi ni ha, mim, alif, mim. Ukiweka shada, ile alama ya kukaza herufi, juu ya mim ya kwanza ni bafu au choo. Ukiiondoa ni hamam, njiwa. Vibao vya mitaani kwa kawaida haviandikwi shada, kwa hiyo simu inabaki kubahatisha.

Mpeleke Kairo, ambako njiwa aliyejazwa wali ni chakula cha kawaida. Msafiri ana njaa, kibao kimeandikwa "hammam rijal" na mshale. Hapo usikosee: neno "rijal", wanaume, lisiingie kwenye picha, maana likiwemo simu itajua ni choo. Kidole chake kilifunika pembeni, basi. Simu inasema "njiwa", naye anafuata mshale akimeza mate.

Kwenye matini yako usiandike shada hata mara moja. Msomaji atacheka kabla msafiri hajasukuma mlango, na kicheko hicho ndicho unachokitaka.