Usiache θ kwenye jibu

"Wakuu, niko kidato cha sita hapa Tabora. Kuintegreti √(9 − x²) naweka x = 3 sin θ, nafika (9/2)(θ + ½ sin 2θ) + C, halafu nakwama."

Mdogo wangu, umebakiza kurudi kwenye x. Kwanza geuza sin 2θ iwe 2 sin θ cos θ. Wengi huandika 2x/3 moja kwa moja, na hapo ndipo wanapoharibu. Chora pembetatu mraba: upande mrefu 3, unaoikabili θ ni x, wa tatu √(9 − x²). Basi cos θ = √(9 − x²)/3, na jibu ni:

(9/2) sin⁻¹(x/3) + (x/2)√(9 − x²) + C

Hakiki kuanzia 0 hadi 3: unapata 9π/4, robo ya duara lenye nusu kipenyo 3. Ukikosea kama wale, inazidi kwa 9/2.