Re: Halijoto ya mpakani kwenye ukuta wa tabaka mbili

"Wakuu, ukuta wa kwenye picha: tofali sm 20 (k = 0.8), povu gumu sm 5 (k = 0.04). Uso wa tofali nyuzi 35, uso wa povu nyuzi 5. Mpakani nimepata 20, kitabu kinasema 30. Kivipi?"

Mkuu, umechukua wastani, na wastani unafaa tu pale tabaka zote mbili zinapozuia joto sawasawa. Hapa picha inadanganya kidogo: tofali ndilo nene, lakini kizuizi kikubwa ni lile povu jembamba.

Kupata kizuizi cha kila tabaka, gawa unene wake (kwa mita) kwa k yake, yaani uwezo wake wa kupitisha joto:

```
tofali: 0.20/0.8  = 0.25
povu:   0.05/0.04 = 1.25
jumla:  1.50
```

Halijoto zikishatulia, joto linaloingia kwenye tofali ndilo hilohilo linalotoka kwenye povu: (35 − 5)/1.5 = wati 20 kwa kila mita ya mraba. Ndani ya tofali halijoto inashuka 20 × 0.25 = 5, kwa hiyo mpakani ni 35 − 5 = 30.

Hakiki kutokea upande wa pili: 5 + 20 × 1.25 = 30. Zisipolingana, umekosea hesabu mahali fulani. Kukiwa na mwanya wa hewa katikati, hesabu hii haitoshi, maana nao ni tabaka.