CPAP na mafuta ya damu: LDL haitashuka sana

"Mume wangu anakoroma hadi pumzi inakatika. Kolesteroli mbaya, LDL, ni 4.1, trigliseridi 3.4. Amepewa CPAP, ile mashine ya kusukuma hewa usiku. Je, aache statini, dawa yake ya kushusha LDL?"

Asiache, dada. Kila pumzi inapokatika oksijeni hushuka, mwili unashtuka na kumwaga homoni za mfadhaiko. Homoni hizo huyeyusha mafuta yaliyohifadhiwa, yanaelekea kwenye ini, na ini linayageuza kuwa trigliseridi. Kwa hiyo CPAP inaweza kusaidia, ila kidogo. LDL hasa haiguswi sana, na hiyo 4.1 ni kazi ya statini.

Kabla ya yote ulizia kipimo cha TSH kama hakijafanywa. Tezi ya shingo ikilegea, mtu hukoroma, hunenepa na LDL hupanda, yote kwa pamoja. Hapo dawa ya tezi ndiyo inayotangulia.

Halafu tazama saa za matumizi kwenye skrini ya mashine. Chini ya saa 4 kwa usiku, usitarajie mengi. Mara nyingi shida ni barakoa inayovuja: akiamka na macho makavu, hewa inapenya juu ya pua, basi abadilishiwe saizi badala ya kukaza mikanda.

Bia za jioni na choma ya Ijumaa? Pombe hulegeza koo na kupandisha trigliseridi usiku huohuo. Kupunguza uzito ndiko kunakoshusha vyote viwili, kukoroma na trigliseridi.

Apime tena baada ya miezi 3, maabara ileile, akiwa hajala kwa muda wa saa 12 na hajanywa pombe tangu juzi yake.