Uzi wenye matumbo matatu

"Nina mchoro wa wimbi simama kwenye uzi wa mita 1.2 uliofungwa ncha zote mbili, umechorwa kwa mstari mzima na mstari wa nukta nukta, mwendokasi wa wimbi 240 m/s. Ni harmoniki ya ngapi? Urefu wa wimbi na frikwensi je?"

Ni ya tatu. Kaka aliyejibu kabla yangu kahesabu vifundo, yaani sehemu za uzi zisizotikisika, akapata 4, na kweli ni 4, ila ncha mbili zilizofungwa nazo zimo humo. Hesabu matumbo, yaani sehemu zilizovimba kati ya kifundo na kifundo: yapo 3. Mstari wa nukta nukta ni uzi uleule nusu mzunguko baadaye, usiuhesabu tena. Kila tumbo ni nusu ya wimbi, 1.2 ÷ 3 = 0.4 m, kwa hiyo wimbi zima ni 0.8 m. Frikwensi ni 240 ÷ 0.8 = 300 Hz.

Dada uliyeuliza kuhusu bomba lililozibwa upande mmoja, lako halifuati njia hii. Tuma mchoro wako.