PS4 imekatikia katikati ya apdeti: ni namba 3, usiguse 6 wala 7

*Habari fundi. Niko Majengo, Moshi. Juzi usiku PS4 yangu ilikuwa inajiapdeti, imefika kama nusu umeme ukakatika. Uliporudi, nikiwasha inaleta maandishi tu kwamba haiwezi kuwaka, niunganishe padi kwa waya. Fundi wa mtaani kwetu anasema dawa ni kuipiga fomati, elfu thelathini. Humo ndani kuna timu yangu ya FIFA ya misimu sita na sevu za mdogo wangu. Zitapona?*

Usimpe kwanza. Kwa dalili hizo, sevu zenu bado zipo, na kitu pekee kinachoweza kuzifuta ni hiyo fomati yenyewe.

Maandishi unayoyaona bila shaka ni haya: `Cannot start the PS4. Connect the DUALSHOCK 4 using the USB cable, then press the PS button.` Yanatisha, lakini mimi nikiyaona napumua. Mashine imegundua kwamba kazi yake ya juzi haikuisha, ikagoma kuendelea na programu iliyoandikwa nusu, ikajipeleka yenyewe kwenye menyu ya dharura inayoitwa `Safe Mode`. Menyu hiyo haitegemei diski. Ukiiweka PS4 diski mpya isiyo na kitu, bado inafunguka, kwa sababu inakaa kwenye chipu ya ubao wenyewe. Nayo diski imegawanywa: upande mmoja programu ya mfumo, upande mwingine magemu, picha na sevu. Apdeti ilikuwa inaandika upande wa mfumo. Umeme ulipokatika, upande huo ndio ulioachwa njia panda. Timu yako haikuguswa.

Sasa chukua padi na waya. Hapa ndipo wengi wanakwama kabla hata hawajaanza: nyaya nyingi za simu tunazonunua barabarani ni za chaji tu, hazipitishi data. Padi itawaka taa ya chaji, utabonyeza kitufe cha PS mpaka kidole kiume, na skrini haitasogea. Ujaribu waya kwa kuunganisha simu na kompyuta. Kompyuta ikiyaona mafaili ya simu, waya huo unafaa. Ukibonyeza PS na waya mzuri, itatokea orodha ya mistari saba.

Kama siku hiyo mashine itakataa kuionyesha yenyewe, izime kabisa, kisha ushikilie kitufe cha kuwashia bila kuachia. Utasikia mlio mmoja mara unapogusa, na wa pili baada ya kama sekunde 7. Achia kwenye huo wa pili.

Kwenye orodha hiyo, namba 3 ni `Update System Software`. Ndiyo tunayoitaka: inaandika mfumo upya na kuacha vitu vyako. Namba 4 inarudisha mipangilio ya mwanzo, namba 5 inapanga upya orodha ya vilivyomo kwenye diski, na zote mbili hazifuti sevu. Namba 6 na 7 zote huanza na neno `Initialize`, na neno hilo kwa Kiswahili cha karakana ni kufuta kila kitu. Fomati ya fundi wako ni hiyo namba 7. Simlaumu sana, inafanya kazi karibu kila mara, haihitaji kufikiri, na misimu sita inayopotea siyo yake. Lakini ni dawa ya mwisho, haianziwi.

Ukiingia namba 3 utaulizwa apdeti itoke wapi: mtandaoni au kwenye fleshi. Nakushauri fleshi hata kama una bando la kutosha. Mtandao ukiyumba katikati unaanza upya, na kwenye fleshi unajua faili lako limekamilika kabla hujaligusa.

Andaa fleshi hivi. Kwenye kompyuta iformati kwa `exFAT` au `FAT32`. Ikiwa `NTFS`, PS4 haitaisoma kabisa. Hamisha kwanza vilivyomo, maana hapa vinafutika. Halafu tengeneza folda na faili kwa mpangilio huu, herufi kubwa zote:

```
PS4/UPDATE/PS4UPDATE.PUP
```

Faili lenyewe pakua kwenye tovuti ya `playstation.com`, ukurasa wa programu ya mfumo wa PS4, siyo kwenye chaneli ya mtu. Na hapo kuna mtego. Utakuta mafaili mawili yenye jina lilelile. Moja ni la apdeti, lina karibu nusu ya GB 1. Jingine ni la kuweka mfumo upya, linazidi GB 1, nalo ni mwenza wa namba 7. Wewe chukua dogo. Usiangalie jina, angalia ukubwa. Toleo nalo lazima liwe lilelile lililokuwa linaingia juzi au jipya zaidi. La zamani litakataliwa.

Nikusimulie kimoja. Mwezi uliopita mwenye kibanda cha gemu kule Ngarenaro alinipigia simu akisema PS4 yake imekufa, ameshamaliza mabando matatu na fleshi mbili. Nilimwambia aje nayo. Fleshi ilikuwa sawa, folda sawa, padi inaitikia, lakini kila akichagua namba 3 mashine inamwambia haioni faili la apdeti. Nilifungua fleshi kwenye kompyuta na kusoma jina herufi kwa herufi: `PS4UPDATE (1).PUP`. Alipakua kwa simu mara ya pili, na simu ikamwongezea hiyo `(1)` ili isigongane na faili la kwanza. Nikafuta nafasi, mabano na tarakimu. Tulipokuwa tunaendelea kuzungumzia ada za shule, bado hatujamaliza chai, PS4 ya kibanda chake imewaka, na sevu za wateja wote zimo. Kuna ndugu wa kosa hilo: Windows ikificha mwisho wa jina, mtu anaongeza `.PUP` kwa mkono na faili linakuwa `PS4UPDATE.PUP.PUP`. Kwenye folda bofya `View` na uwashe `File name extensions`, uone jina zima.

Ukishahakikisha hayo, angalia uniti za luku kabla ya kuanza. Sicheki. Kama kuna betri ya akiba inayoweza kushikilia mashine na televisheni, ni leo ya kuazima. Chomeka fleshi, chagua namba 3, chagua `Update from USB Storage Device`, kubali. Mstari wa asilimia utatembea, kioo kitazima, mashine itajiwasha, pengine zaidi ya mara moja. Kioo kikiwa cheusi usiguse chochote. Kwenye meza yangu kazi hii mara nyingi haifiki nusu saa. Nikiona mstari umesimama, nasubiri saa nzima kabla sijaamua kitu, na huku nimeweka sikio karibu na mashine. Diski nzima hutoa mvumo laini. Ikiwa inagonga tak, tak, tak na asilimia inakwama palepale kila ukirudia, kosa siyo la umeme tena, ni diski inayochoka.

Hapo ndipo ahadi yangu ina mpaka. Ikitokea baada ya namba 3 skrini inakudai faili la kuweka mfumo upya, lile kubwa, maana yake mfumo uliobaki hautoshi hata kurekebishwa, au diski haisomeki vizuri. Ukiendelea, unafuta. Simama. Rudia kwanza na fleshi nyingine na faili ulilopakua upya, na kwenye tundu jingine la USB. Kisha zima, chomoa umeme, toa diski na kuirudisha vizuri kwenye nafasi yake. Ni diski ya kompyuta mpakato tu, ya inchi 2.5. Kama inaleta namba `CE-34335-8`, mashine haioni diski kabisa, na mara nyingine kuirudisha hivyo tu kunatosha.

Ila usiipeleke diski kwenye kompyuta ili "uchukue sevu kwa mkono". Imefungwa kwa ufunguo wa PS4 hiyohiyo. Windows itaiona kama haina kitu na itakuuliza kama uiformati. Ukijibu ndiyo, umemaliza kazi ambayo fundi wa mtaani alitaka elfu thelathini kuifanya. Kuihamishia kwenye PS4 ya rafiki nako hakusaidii, itadai kuanzishwa upya. Diski ikiwa kweli inakufa, njia iliyobaki ni kuinakili yote, sekta kwa sekta, kwenye nyingine isiyopungua ukubwa, kisha nakala irudi kwenye mashine yako. Hiyo ifanyiwe na mtu aliyewahi kuifanya, maana ukikosea ipi ni ya kunakiliwa na ipi ni ya kupokea, unaandika utupu juu ya timu yako.

Kama siku zote ulikuwa unalipia PlayStation Plus, huenda nakala za sevu zipo tayari mtandaoni, na hata namba 7 isingekuumiza sana. Kwa hali ya vijana wengi wa huku, najua jibu.

Mashine ikiwaka, kabla hujafungua gemu lolote, chomeka fleshi ileile uende `Settings`, halafu `Application Saved Data Management`, halafu `Saved Data in System Storage`, na `Copy to USB Storage Device`. Chagua FIFA, nakili. Hapo unaona sevu za mtumiaji aliyeingia tu, kwa hiyo utoke, mdogo wako aingie kwa jina lake na arudie mwenyewe. Ukinakili zako pekee, zake hazitakuwemo. Na kama mna diski ya nje mnayowekea magemu, usidhani sevu zimo humo. Magemu hukaa nje, sevu hubaki ndani ya mashine.

Namba 3 ikikukatalia, nipigie picha ya skrini yenye namba ya kosa yote, pamoja na dirisha la kompyuta linaloonyesha ukubwa na jina la lile faili. Kwenye picha hizo mbili mara nyingi naona tatizo kabla hujapanda gari la Arusha.