Swali moja au mengi, mteja akituma nusu ya maneno?

"Mteja ananitumia 'Pate kesho watu 7', basi. Nikimuuliza mengi ananyamaza, nikimuuliza moja nabaki na shaka. Wenzangu wa boti mnafanyaje?"

Ndugu yangu, mimi napokea oda za boti hapa Lamu. Kabla sijauliza chochote, naangalia kama jibu la swali la kwanza litabadilisha yanayofuata. Likiyabadilisha, nauliza hilo tu.

Kwa huyo wako, saa ya kuondoka, mizigo na kurudi viache kwanza. Pate ni kisiwa, na pia ni mji mmoja ndani ya kisiwa hicho, ambao gati yake ni Mtangawanda. Mgeni akisema Pate huenda safari yake ni Siyu au Faza. Mwandikie: "Mnashukia wapi, Mtangawanda, Siyu au Faza?" Mtajie majina kabisa, maana mwenye haraka ni rahisi kwake kuchagua kuliko kueleza.

Tuseme amejibu Siyu. Hapo suala la saa limeshaamuliwa na bahari. Hori la Siyu ni mikoko na matope, boti haifiki mpaka maji yajae, na njia ya Mkanda tunayopita kutoka Lamu nayo maji yakipwa haipitiki vizuri. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Angalia jedwali la maji, umwambie wewe saa ya kuondoka. Ukimuuliza yeye, atakwambia saa moja asubuhi, atawatangazia wenzake wote, halafu uanze kumbembeleza abadilishe. Mizigo na kurudi utamuuliza akishakubali saa.

Maswali mengi kwa mpigo nayatumia pale majibu hayategemeani, na mtu mwenyewe yuko karibu kupotea hewani. Mfano ni mama aliyeko stendi Mombasa, anaandika: "Friji yaja na basi, ipeleke Faza." Akishaondoka pale hujui utampata lini, na basi likifika Mokowe, gati ya bara, mzigo utashushwa tu. Huyu namuuliza matatu katika ujumbe mmoja, kila moja na mstari wake:

1. Nani ataipokea gatini Faza, na simu yake?
2. Friji ni kubwa ya kubebwa na watu wangapi?
3. Nauli ya boti nani analipa?

Mpangilio huo una sababu. Watu wengi wakipewa maswali matatu hujibu moja, mara nyingi la juu, kwa hiyo juu naweka lile ambalo siwezi kulikisia. Ukubwa nitauona mwenyewe Mokowe. La nauli naliongezea: "Usipojibu, nitamdai mpokeaji." La mpokeaji silikisii kamwe, bila jina na simu yake, friji inabaki Mokowe na namwambia mama hivyo kabla hajaondoka stendi.