Mvivu, au Jumatatu Kuna Foleni?

Kijana wangu wa dukani kachelewa mara tatu mwezi huu. Nimkate mshahara?

Subiri kwanza ujibu maswali matatu aliyoyapanga mwanasaikolojia Harold Kelley mwaka 1967. Je, wenzake nao huchelewa? Huchelewa kazini tu, au hata kwenye shughuli nyingine? Na hali ikiwa ile ile, hujirudia?

Tuseme duka hufunguliwa saa 2 asubuhi. Kachelewa Jumatatu tatu, siku nyingine yupo saa 1:50, kwenye vikao vya kikoba huwahi, na mwenzake anayepita njia ile ile naye huchelewa Jumatatu. Chanzo kiko barabarani. Ukimkata mshahara, Jumatatu ijayo atachelewa vilevile. Afadhali siku hiyo duka lifunguliwe na mtu anayekaa jirani. Lakini kama wenzake wote huwahi, na yeye huchelewa siku yoyote na mahali popote, basi una sababu ya kumtazama yeye mwenyewe.

Kipimo hiki huharibika ukitegemea kumbukumbu, kwa sababu asubuhi alizowahi hukuzitia maanani. Andika saa ya kila mmoja kwenye daftari kwa wiki nne.

Nikijua mtu kalazimishwa, mimi simlaumu. Kosa la kulaumu tabia na kusahau mazingira linanihusu?

Linakuhusu. Mwaka 1967 Edward Jones na Victor Harris waliwapa wanafunzi wa chuo Marekani insha za kumtetea au kumpinga Fidel Castro, kiongozi wa Cuba wakati huo. Hata walipoambiwa wazi kwamba mwandishi alipangiwa upande, bado walidhani aliyemtetea Castro anamuunga mkono kuliko aliyempinga. Insha waliisoma kwa macho yao, amri hawakuiona. Kuirudisha hiyo amri kwenye hesabu ni kazi ya akili inayokuja baadaye, na mtu aliyeshikwa na shughuli huiruka. Kwa hiyo usiamue kosa la mtu huku unahesabu mauzo.

Mauzo yakipanda nasema ni juhudi zangu, yakishuka nasema hali ngumu. Nijikague vipi?

Mwanzo wa mwezi, kabla hujajua matokeo, andika mambo matatu yatakayoamua mauzo. Mwisho wa mwezi tumia orodha hiyo hiyo, upate faida au hasara. Sababu mpya ikizuka baada ya hasara tu, itilie shaka.

Mimi na mume wangu tukijumlisha sehemu ya kazi za nyumbani anayodai kila mmoja, inapita asilimia 100. Nani mwongo?

Huenda hakuna. Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa swali kama hilo, wakachapisha matokeo mwaka 1979: kati ya jozi 37, jumla ilizidi kwa jozi 27. La kuzingatia zaidi ni kwamba watu walijizidishia hata sehemu yao katika kuanzisha ugomvi. Kwa hiyo si kujisifu peke yake. Ulipofua ulikuwepo; alipobeba mtungi wa gesi hukumwona. Kaeni pamoja, kila mmoja aorodheshe kwanza kazi za mwenzake za wiki nzima, kisha zake, ndipo mtaje asilimia.